Mate Sitini na Moja

Baba yangu ni fundi wa maabara ya sauti pale chuoni, na wanafunzi wanamwita Mzee Waya. Si kwa ubaya. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja amelala ana waya mfukoni na kuamka ana waya mfukoni, utamwitaje? Ukimpa pole ya msiba atakujibu "tumshukuru Mungu", kisha atakuuliza kama umeuona ule waya mwekundu wa maikrofoni. Mimi ni binti yake wa pekee. Nimerithi ubishi wa mama na masikio ya baba, na mpaka wiki ile nilikuwa naringia masikio.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana watu wakisikia maabara ya sauti wanadhani tunarekodi nyimbo za harusi. Sisi tunapima jinsi binadamu anavyotamka. Kuna kibanda kilichobandikwa sponji kuta zote, kiti kimoja, kioo cha kuchungulia. Mtu anaketi, baba anamvalisha barakoa ya plastiki, halafu anampenyezea kwenye kona ya midomo kipira chembamba, ncha yake ikae nyuma tu ya midomo. Kipira kinapima mkandamizo wa hewa iliyo kinywani. Hewa ikibanwa, mstari kwenye kompyuta unapanda juu ya sifuri. Ikilegea kupita hewa ya nje, mstari unashuka chini ya sifuri. Ni hivyo tu. Hakuna uchawi.

Sasa jaribu hapohapo ulipo. Sema "pa" kama kawaida. Midomo inafunga, mapafu yanasukuma hewa kutoka chini, hewa inajaa nyuma ya midomo, unaachia, inapasuka. Injini ni mapafu. Lakini ziko sauti ambazo injini yake ni koo. Kuna za kurusha: unafunga mlango wa koo kabisa, kama unapobana pumzi kunyanyua gunia, unafunga na midomo, kisha kikoromeo kinapanda. Ile hewa kidogo iliyofungiwa kati ya koo na midomo inabanwa, na ukiachia inaruka na mlio mkavu. Mapafu hayana habari. Unaweza kuzitamka huku umebana pumzi, na mama alikuwa akinifanyia mchezo huo nilipokuwa mdogo, ananirushia p kumi mfululizo bila kupumua.

Halafu kuna za kuvuta. Hizo ni kinyume. Midomo imefungwa, mapafu yanatoa hewa kiduchu tu ya kutetemesha nyuzi za sauti, na wakati huohuo kikoromeo kinashuka. Kinywa kinatanuka kwa ndani, kwa hiyo hewa iliyomo haibanwi. Inabaki sawa na ya nje, au inapungua kuliko ya nje, na midomo ikiachia hewa kidogo huingia badala ya kutoka. B ya kawaida ukiichelewesha mdomoni, hewa inajaa na sauti inafifia. B ya kuvuta, sauti inazidi kunenepa mpaka midomo ifunguke.

Lugha ya mama yangu, lugha ya watu wachache waliotawanyika miji na miji, ina p za kurusha, na hilo halina mjadala. Kuhusu b zake, mimi niliandika sura nzima ya tasnifu kuthibitisha kwamba ni za kawaida, za mapafu. Kurasa arobaini na mbili. Ushahidi wangu ulikuwa vipimo ambavyo baba alimchukua mama miaka ishirini iliyopita, ndani ya kibanda kile, kwa kipira kile. Nilikuwa nimepanga kumrekodi upya mwenyewe. Lakini mama alianza kuugua mapafu, akawa hamalizi sentensi bila kupumzika, nami nikamwambia tutarekodi ukipona. Hakupona. Tulimzika, na miezi tisa baadaye, Ijumaa, nilitakiwa kuwasilisha. Idara ilikuwa imeniwekea nafasi ya kufundisha, kwa sharti moja, Ijumaa hiyo isinipite.

Katika miezi hiyo tisa sikulia. Niseme ukweli, maana watu walinisema. Shangazi alikuja kunikalia kitako, "Lia, mwanangu, utapasuka." Nikajaribu, kama mtu anayejaribu kupiga chafya iliyokataa. Hakuna. Nilikuwa naamka, napika uji, nampa baba, nakula, naandika. Chakula hakikuwa na ladha na wala sikukitafutia chumvi. Mtu akinichekesha nilijua hapa pa kucheka, nikacheka. Ndani palikuwa pakavu.

Jumatatu nilimwomba baba anipigie picha ya mitambo ya zamani kwa ajili ya kiambatisho. Kazi ya dakika tano. Jumanne asubuhi akaingia jikoni na daftari la maabara kwapani, akakaa, hakugusa uji. Baba yangu haachi uji.

"Mama," akaniambia. Ananiita hivyo tangu nizaliwe. "Kile kisanduku kinachoingiza vipimo kwenye kompyuta, jana nimekifuta vumbi nikipige picha."

"Eeh."

"Kina swichi nyuma. Inasoma pande mbili, juu na chini ya sifuri. Au inasoma juu tu. Ukiweka juu tu, unapata mistari inayoonekana vizuri zaidi, maana nguvu yote inatumika upande mmoja. Enzi hizo palikuwa na profesa mmoja hapa, yeye alitaka p za kurusha. Zile zinapanda sana, mara mbili ya p za kawaida, na alitaka azione vizuri."

Nilikuwa nakoroga uji. Niliendelea kukoroga.

"Nilimwekea juu tu," akasema baba. "Na sikurudisha. Alipokuja mama yako, ilikuwa juu tu."

"Kwa hiyo chochote kilichoshuka chini ya sifuri..."

"Kiliandikwa sifuri. Mstari umelala."

Hapo nikaelewa, na nilielewa kwa utulivu wa mtu anayesomewa taarifa ya hali ya hewa. Unajua, katika maabara yetu mstari ukilala wakati ulipaswa kusogea, maana yake ni moja: mate yameziba kipira. Inatokea kila siku. Unachomoa kipira, unakipuliza, unaandika MATE daftarini, unafuta kipande kile, mtu anarudia. Enzi hizo kompyuta ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo kilichoandikwa MATE kilifutwa chote, mstari na sauti yake. Ndiyo desturi. Mimi mwenyewe nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza hivyohivyo, kwa kujiamini kabisa.

"Zilikuwa ngapi?" nikauliza.

Akafungua daftari. Mwandiko wake ule wa herufi kubwakubwa. MATE. MATE. MATE. Tukahesabu pamoja, kidole chake upande wa kushoto na changu upande wa kulia. Sitini na moja.

"Ni b tupu," nikasema.

"Ni b tupu."

Hakuna p hata moja iliyoandikwa MATE. Hakuna p ya kurusha hata moja. Na zile b chache zilizopona, zile nilizojengea sura yangu, nilizipitia moja baada ya nyingine: zote zilikuwa zimetanguliwa na m. Mb, mb, mb. Mwanafunzi yeyote wa sauti anajua kwamba b ikishikana na m mbele yake mara nyingi haivutwi, inakuwa ya kawaida, mapafu yanaisukuma. Yaani nilikuwa nimechambua makapi nikayaita mchele. Tangu lini mate yakachagua herufi?

Baba alikuwa ananitazama. Nadhani alitaka nimfokee. Mtu wa miaka sitini na minne, fundi wa kuheshimika, amekaa kwenye kiti cha jikoni anasubiri kufokewa na mtoto wake. Ningekuwa na hasira ningempa. Nikamwambia, "Kunywa uji, utapoa." Akanywa.

Na afadhali niseme na hili, lisije likaonekana ni kosa la mzee peke yake. Mimi niliisikia ile b maisha yangu yote. Niliwahi hata kuandika pembezoni mwa rasimu, "b ya mama nzito?" na alama ya kuuliza. Msimamizi wangu akaniambia sikio linadanganya, mtambo haudanganyi. Nikafuta. Ukiwa nyumbani hata harufu ya nyumba huisikii, ila mimi niliisikia na nikaifuta kwa kifutio.

Nikaenda kwa msimamizi siku hiyohiyo saa sita. Ni mtu mwema, daktari wa falsafa mwenye meza safi kupita kiasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Waliobaki wanaozungumza lugha hii unawafahamu?"

"Wachache. Wako mbali mbali. Kuwafikia ni miezi."

"Basi weka tanbihi. Mistari miwili. Sema vipimo vya chini ya sifuri havikupatikana kwa sababu za kiufundi. Wasilisha Ijumaa, chukua nafasi yako, mwakani uandike makala ya kusahihisha. Nani atasoma sura ya b kwa darubini?"

"Atakayeandika kitabu kingine," nikasema. "Atanukuu kwamba hawavuti. Na baada ya hapo hawavuti."

"Usiwe mkali hivyo."

Sikuwa mkali. Nilikuwa nazungumza tu. Akaniambia nikapumzike, nifikirie. Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa upole, kwamba mama angependa nimalize. Watu wanajua sana mama yangu angependa nini, ajabu.

Jumatano nikamwambia baba awashe mitambo. Nilikuwa na wazo, na niliona ni wazo zuri. Lugha ile ni yangu mimi pia. Nimeinyonya. Mama hakunisemesha nyingine ndani ya nyumba mpaka nilipoanza shule. Nikapimwe mimi, mstari ushuke, nipate angalau ukurasa mmoja wa kweli wa kubandika pale.

Nikakaa kwenye kile kiti. Baba akanivalisha barakoa, vidole vyake vinanuka risasi ya kuchomelea nyaya, akaniingiza kipira kwenye kona ya mdomo kwa uangalifu kama daktari wa meno. Swichi alikuwa ameshaigeuzia kwenye pande mbili, akanionyesha kwa macho yangu kabla sijakaa, na sasa akarudi akahakikisha tena. Tukaanza na p za kurusha. Mstari ukapaa. "Hizo unazo," akasema kwenye spika. "Safi kabisa. Kama zake."

Tukaja kwenye b. Nikasema neno la kwanza la daftari, lile la mtungi. Kupitia kioo nilimwona baba ameinamia skrini. Nikasema tena. Nikasema la mzizi, la kubeba mgongoni, la majivu.

"Unapanda," akasema mwishowe.

"Rudia kusawazisha sifuri."

"Nimesawazisha."

"Kipira?"

"Hakina kitu, mama. Unapanda."

Nikatoka nikaangalia. Ulipanda. Sentimita nne za maji, ndicho kipimo chetu cha mkandamizo, tano, mistari mizuri ya b za mapafu za kitabuni, za redioni, za shuleni kwangu. Kumi na mbili nilizosema, kumi na mbili zimepanda. Zile p za kurusha zina mlio, zinajitangaza, mtoto akizikosea anachekwa, kwa hiyo nilizishika. Ile b haina makelele. Wenzangu mtaani walisema yao, nami nikasema yao, na mama hakunisahihisha hata siku moja. Kwa hiyo sura yangu ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli kunihusu mimi.

Nilikaa juu ya meza ya mitambo. Nilitegemea kusikia kitu, huzuni, aibu, chochote kile. Nikawaza kama nimesahau kuzima jiko au la. Nikamwambia baba, "Zima tu. Nitaweka tanbihi."

Hakuzima. Alisimama pale anafuta barakoa kwa kitambaa na spiriti, anaifuta na kuifuta. Kisha akaivaa yeye.

"Baba, wewe si mzungumzaji."

"Najua."

"Lugha hii umekutana nayo ukubwani. Siwezi kukutumia popote. Watanicheka."

"Nani kasema unitumie?" Sauti yake ilikuwa imefungiwa ndani ya plastiki. "Kaa hapo nje uangalie skrini."

Nikakaa kwenye kiti chake. Ni mara ya kwanza kukikalia. Kimebonyea upande mmoja. Yeye akaingia kibandani, akajipachika kipira mwenyewe bila kujitazama popote, akafungua daftari pale kwenye MATE ya kwanza. Akasema neno la mtungi.

Mstari ulishuka.

Haukushuka sana. Sentimita mbili chini ya sifuri, polepole, ukatulia, halafu midomo ilipoachia ukarudi juu kwa ghafla. Na wimbi la sauti chini yake lilikuwa linanenepa, linanenepa mpaka midomo ikaachia. Akasema la mzizi. Ukashuka. La majivu, ukashuka. Mtu aliyezaliwa kwenye lugha isiyo na sauti ile kabisa, ambaye salamu tu za ukweni zilimchukua miaka mitatu, na ambaye mama alikuwa akimcheka matamshi mbele za wageni.

Nikaingia kibandani. Hapana nafasi ya watu wawili mle. Nilisimama nimebanwa na sponji.

"Umejifunzia wapi hiyo?"

Akashusha barakoa shingoni. "Kwa mama yako. Wapi kwingine?"

"Lini?"

"Kabla hatujaoana. Nilikuwa nasema b yangu hii ya kwetu, ananiambia siyo. Nasikiliza, sisikii tofauti, mimi fundi wa sauti mzima! Akaona nasumbuka bure. Akanishika mkono akaniwekea hapa kwake." Akagusa koo. "Akasema, acha kusikiliza, shika. Akisema ya kurusha, kinapanda. Akisema hii, kinashuka. Nilikuwa nashika kila jioni pale barazani kwao, mama mkwe anachungulia, anadhani kuna mambo mengine." Akacheka kidogo. "Na yalikuwepo."

"Kwa hiyo ulijua." Sauti yangu ilianza kuniponyoka. "Ulikuwa unajua kwa mkono wako kwamba zinavutwa. Na ukaandika mate mara sitini na moja?"

Hapo ndipo uso wa baba ulipobadilika. Aliangalia daftari.

"Nilijua kwa mke wangu," akasema. "Pale kibandani alikuwa mzungumzaji tu, mtu wa kupimwa. Nilikuwa kazini, mama. Kazini mstari ukilala ni mate. Alisema yeye mwenyewe, 'Mume wangu, si mate.' Nikamwambia tulia, usiongee, utaharibu kipimo."

Niliinua mkono nikaweka vidole kwenye koo lake, pale kwenye kikoromeo, ngozi imelegea na ina ndevu fupifupi alizosahau kunyoa. Nikamwambia, "Sema."

Akasema neno la mtungi. Kikoromeo kikashuka chini ya vidole vyangu, kimetulia, kinatetemeka, kikarudi. Nilikuwa nimeshika namna mama alivyokuwa akisema. Mimi sinayo, mtambo hauna, kitabu hakina. Iko kwenye koo la mzee wa miaka sitini na minne anayesahau miwani yake juu ya friji. Nikalia. Nililia kwa sauti mbaya, ya mafua, nimemshika baba yangu shingo ndani ya kibanda kilichotengenezwa ili sauti isitoke nje, na nilimpenda mama na nilimkasirikia na nilimtaka arudi, yote kwa pamoja, mpaka miguu ikachoka.

"Endelea," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote."

Akaendelea, neno baada ya neno, akitua pale nilipohitaji kupenga kamasi. Nilipoweza kutamka nikaanza kuyarudia baada yake, mkono mmoja kwake na mmoja kwenye koo langu. Langu halikushuka. Kwenye neno la hamsini na kitu lilisogea kidogo, au nilitaka lisogee, na baba akatikisa kichwa, akasema, "Siyo. Tena."

Alhamisi nilimwandikia msimamizi kwamba naiondoa ile sura, na kwamba nawatafuta wale wachache waliobaki, mmoja mmoja, hata ikichukua muda gani. Akanipigia simu mara mbili. Ijumaa idara ikampa mtu mwingine nafasi, kijana mzuri tu, hana kosa. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa jikoni na baba, tunasema neno la majivu, na uji ulikuwa hauna chumvi, nikaenda kuichukua.